Tumechati wiki tatu, anataka tuonane Jumamosi hapa Dodoma. Nipangeje wakati sina ndugu mji huu?

Mgeni_Ilazo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 29, nimehamishiwa Dodoma kikazi tangu mwezi wa pili, nimepanga Ilazo. Kuna kaka nimekutana naye kwenye apu ya wachumba, tumechati wiki tatu sasa. Anasema ana miaka 34, anafanya kazi za ujenzi, anasimamia saiti upande wa Iyumbu. Tumeongea kwa simu mara nyingi, na vidio mara moja tu, usiku, mwanga ukiwa hafifu. Kwa maneno yake naona ni mtu mwelewa.

Sasa anataka tuonane Jumamosi. Amependekeza saa 1 usiku, sehemu moja huko huko Iyumbu. Anasema ni tulivu, ina bustani, na hapendi kukaa katikati ya mji kwa sababu anajulikana na watu. Ameniambia atanifuata na gari nyumbani.

Mimi kuonana naye nataka, sijaja kuuliza niende au nisiende. Ninachouliza ni hivi: wiki tatu ni mapema au zinatosha? Mahali nichague wapi kwa mji huu? Na kila mtu anasema "mwambie rafiki", lakini rafiki yangu wa karibu yuko Mwanza. Akijua niko wapi, atanisaidia nini akiwa kule?

Kibaigwa_Boy

Dada, wiki tatu ni chache mno. Mtu chati naye hata miezi mitatu. Mwenye nia mbaya huwa ana haraka, ukimchelewesha atachoka mwenyewe aondoke. Anayevumilia ndiye wa kwako.

Baba Eliya

Naomba nitie neno maana yalinikuta mwaka jana. Nilichati na dada wa Dar karibu mwezi mzima, tukakubaliana aje Dodoma na treni ya SGR. Nikamtumia 31,000 ya nauli na 20,000 ya kula njiani. Siku ya safari nikaenda stesheni, nikakaa mpaka abiria wa mwisho akatoka. Simu haipatikani. Nilirudi nyumbani na maua yangu mkononi, sikumwambia mtu.

Ushauri wangu kwa mleta uzi: usitume hela. Kama ni lazima, mkatie tiketi wewe kwa jina lake na namba ya kitambulisho chake. Asiye na nia ya kuja hawezi kukupa hivyo vitu. Na namba ya tapeli ipeleke 15040, usikae nayo kimya kama mimi.

Mgeni_Ilazo

Pole sana Baba Eliya. Kwangu hakuna aliyeomba hela ya mwenzake, wote tuko Dodoma. Mimi wasiwasi wangu ni ile siku yenyewe.

Mama_Ustawi

Mbukwenyi wote. Mdogo wangu, nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mkoa huu miaka 11, na wasichana waliokuja kukaa mbele ya meza yangu baada ya kuonana na watu wa mtandaoni si wachache. Nitakujibu kadiri nilivyoona.

Kwanza la muda. Kibaigwa_Boy ana kweli nusu. Anayekuharakisha siku ya pili au ya tatu muache. Lakini kuchati miezi mitatu bila kuonana hakukulindi, kunakufunga. Unamjua kwa maneno yake tu, na kila siku unajaza mwenyewe yale usiyoyaona. Ikifika miezi mitatu umeshamwambia habari za marehemu baba yako, umeshamwita majina ya mapenzi, na siku akisema "njoo nyumbani" unaona aibu kukataa. Utakataaje kwa mtu "unayemfahamu"? Matapeli wazoefu hawana haraka hata kidogo. Kuchati ndiyo kazi yao.

Kwa hiyo usihesabu siku, angalia mambo gani yamefanyika. La kwangu la kwanza ni vidio mchana kweupe, dakika tano tu, bila miadi ya jana yake. Mwambie, "nina dakika tano za mapumziko, nipigie vidio sasa hivi." Anayesema yuko saiti akupigie akiwa saiti. Siku moja mtu anaweza kubanwa. Akibanwa mara tatu kwa sababu tatu, umeshapata jibu. La pili ni yale madogo aliyokuambia wiki ya kwanza. Alisema amezaliwa wa ngapi? Mama yake yuko wapi? Muulize tena kwa mazungumzo ya kawaida uone kama hadithi imebadilika. Hayo yakikaa sawa, wiki mbili au tatu zinatosha kwa kuonana kwa muda mfupi mahali pa watu.

Sasa mpango aliokupa. Usiku, nje ya mji, kwa gari lake, na anakuja kukuchukua kwako. Simjui huyo kaka na simhukumu. Lakini angalia jinsi hayo manne yanavyoshikana. Ukiwa Iyumbu saa 3 usiku na kikao kimekuchosha, mwenye uwezo wa kukurudisha ni yeye peke yake. Na hata msipoelewana, mlango wako anaujua tayari. Kumbadilisha mpango siyo kumtukana. Mwambie: saa 9 alasiri, katikati ya mji, nitakuja mwenyewe. Halafu sikiliza anavyojibu.

Nasema saa 9 kwa sababu huku kwetu jua linazama kwenye saa 12 na nusu. Ukikaa saa moja na nusu, unatoka bado kweupe na daladala zipo.

Fundi_Sabasaba

Mimi natengeneza simu, nikupe mbinu mbili na utakuwa salama.

Moja, chukua namba yake, fungua huduma ya kutuma pesa kama vile unamtumia 1,000. Kabla hujaweka namba ya siri, jina lake linatokea. Ghairi hapo hapo. Sasa hivi laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, kwa hiyo jina hilo ndiyo mtu mwenyewe.

Mbili, siku ya kuonana mtumie rafiki yako wa Mwanza lokesheni ya moja kwa moja kwa WhatsApp. Kuna dakika 15, saa 1 na saa 8. Chagua saa 8. Atakuona ulipo muda wote, basi, kazi imekwisha.

Mama_Ustawi

Fundi, asante, hizo mbinu nami nawafundisha wasichana, ila hazimalizi kazi.

Jina linalotokea ni la aliyesajili laini. Wapo wengi wanaotumia laini ya mama, ya kaka, ya mke. Jina likiwa tofauti siyo lazima awe tapeli, na likifanana siyo lazima awe mwema. Namna nzuri ni kumuuliza kabla hujaangalia: "laini yako imesajiliwa kwa jina gani?" Kisha ndiyo uangalie. Aliyekuambia mapema kuwa ni laini ya dada yake, na jina la dada likatokea, huyo amesema kweli kwa hilo moja. Na kumbuka mlango huo una pande mbili. Ukimpa namba yako, naye anaweza kuona majina yako matatu, na kwa majina matatu mtu anafika mpaka ofisini kwako.

Lokesheni inaonyesha simu ilipo, mtu mwenyewe haimwonyeshi. Chaji ikiisha au bando likikata, inaganda mahali pa mwisho, na rafiki anaweza kuangalia picha iliyoganda akadhani bado umekaa unakunywa soda. Itumie, lakini isiwe peke yake.

Mgeni_Ilazo

Fundi, nimejaribu sasa hivi. Limetoka jina la mwanamke. Moyo umenipasuka.

Fundi_Sabasaba

Achana naye, ni mume wa mtu huyo. Ameshajianika.

Mama_Ustawi

Usiamue usiku huu. Muulize kesho kwa utulivu laini ni ya nani, bila kumwambia ulichoona.

Ntyuka_Mwanaume

Naomba nitetee kidogo upande wa huyo kaka. Mnasema kutotaka kuonekana katikati ya mji ni dalili mbaya. Mimi nimeachana na mama watoto wangu miaka miwili sasa, watoto wanasoma hapa mjini. Dodoma ni ndogo. Nikikaa na dada mgahawani kabla hata sijajua kama tutafika popote, jioni mwanangu wa miaka 12 ameshaulizwa shuleni kuhusu mama yake mpya. Mimi pia ningependa mahali patulivu, na sina ubaya wowote.

Mama_Ustawi

Ndugu yangu, hoja yako ni ya kweli na nimeisikia kwa wanawake pia, hasa watumishi. Lakini kuna kujificha na wanaokujua, na kuna kujificha na kila mwenye macho. Ukitaka wanaokujua wasikuone, kaa na wasiokujua. Nenda mgahawa wa pale stendi kuu ya mabasi, kila mtu ana begi lake na safari yake, hakuna wa kukuangalia, na bado kuna wahudumu, askari na abiria. Mahali patulivu pasipo na mtu ni kitu kingine kabisa, na mwanamke hana jinsi ya kujua kwa ujumbe wa simu wewe unataka kipi kati ya viwili hivyo. Kwa hiyo mpe kile ambacho hakimtishi.

Ntyuka_Mwanaume

Nimekuelewa, ingawa bado naona mwanaume anahukumiwa mapema. Lakini la stendi nitalitumia.

Binti_Kondoa

Nimesoma mpaka hapa, nataka kusema jambo ambalo halijaguswa vya kutosha. Kupanga mahali pazuri wote tunajua. Mimi nilipanga vizuri, na nikaumia.

Tulikubaliana mgahawa karibu na Nyerere Square, saa 10. Nilimwambia mwenzangu wa chumbani. Nilikwenda kwa daladala yangu. Nimefika, nimekaa kama dakika 20, anapiga: "Samahani mpenzi, nimekwama, nipo kwa rafiki yangu Nkuhungu, nimekutumia bajaji, dereva yuko nje hapo, ameshalipwa." Nikatoka. Bajaji kweli ipo, dereva kaniita kwa jina. Nikapanda. Ndiyo hivyo tu, sekunde kumi. Mipango yangu yote niliiacha pale mezani na soda yangu, na mwenzangu alikuwa anajua niko Nyerere Square.

Sitaandika yaliyotokea huko. Nilirudi hai, simu na hela havikurudi, na nililala hospitali siku mbili.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilipanda. Siyo kwamba nilikuwa mjinga. Nilikuwa nimeshavaa, nimeshasuka kwa 25,000, nimeshasubiri. Kuondoka bila kumuona niliona kama hasara. Na yeye aliongea kwa upole, akiomba msamaha. Kwa hiyo mleta uzi, amua leo, ukiwa nyumbani umetulia, kwamba mahali pakibadilika siku ile, unarudi nyumbani. Usiache kuamua ukiwa pale.

Mgeni_Ilazo

Dada, pole. Asante kwa kuyaandika. Nimesoma mara mbili.

Mama_Ustawi

Binti_Kondoa, pole sana mwanangu. Kama hujafika Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, mlango bado uko wazi, nenda na karatasi za hospitali ulizonazo. Ukitaka mtu wa kukusindikiza niandikie faragha.

Na alichosema ndicho kiini cha uzi huu. Nikirudi nyuma kwenye kesi nilizozipokea, wengi walikuwa wamepanga mgahawa, baa au sehemu nyingine ya watu. Walichukuliwa kutoka pale kwenda kwingine. "Nimesahau chaji nyumbani, twende mara moja." "Hapa kelele, kuna sehemu nzuri mbele kidogo." "Gari limeharibika, chukua bajaji." Sababu zenyewe ni za kawaida, mtu yeyote anaweza kupatwa nazo, ndiyo maana zinafanya kazi. Huna haja ya kuchunguza kama ni kweli. Unajibu neno moja kwa sababu zote: "Basi tupange siku nyingine." Aliyekwama kweli atakubali, maana kwake haina hasara.

Kwa hiyo na rafiki naye apewe kazi inayolingana na hilo. Rafiki wa Mwanza anafaa sana, ila siyo kwa kujua tu ulipo. Mpe saa ya kukupigia. Usimwambie "nikirudi nitakushtua", kwa sababu usiporudi hatajua lini aanze kuhangaika. Mwambie: "Nipigie saa 9:45, na tena saa 11." Apige, asiandike. Meseji inaweza kujibiwa na yeyote aliyeshika simu yako, sauti yako hawezi.

Mkubaliane neno. Wasichana wangu hutumia luku. Rafiki anauliza, "Umenunua luku?" Ukisema "nimenunua", uko sawa. Ukisema "bado", maana yake nataka kutoka, kwa hiyo dakika tano baadaye anapiga tena na kusema umeme umekatika na chakula cha mtoto kiko kwenye friji, rudi. Unaondoka bila ugomvi.

Usipopokea? Apige tena baada ya dakika 10. Ukikosekana tena, ampigie mtu wa hapa hapa Dodoma ambaye anaweza kunyanyuka. Huyo wa karibu siyo lazima awe rafiki yako wa siri. Anaweza kuwa mama mwenye nyumba, jirani, au bodaboda wa kijiweni kwako unayemwamini. Hahitaji kujua ni mchumba wa mtandaoni. Unamwambia tu: "Naenda kuonana na mtu sehemu fulani, dada yangu akikupigia naomba upite pale uniangalie." Na huyo asipokuona mezani? Hapo ni polisi, 112 au kituo cha karibu, mkiwa na picha ya huyo mtu, namba yake, na jina lililotokea kwenye laini. Hivyo vyote rafiki awe navyo kwenye simu yake kabla hujatoka nyumbani. Skrinishoti ya profaili piga mapema, maana mtu akikufuta kwenye apu mazungumzo yote yanapotea.

Ngosha_Dom

Niongeze upande wa vinywaji, na hili ni kwa wanaume pia. Mimi niliwekewa dawa na dada mrembo tuliyekutana mtandaoni, kwenye baa yenye vyumba nyuma. Nakumbuka nilikwenda msalani nikaacha bia nusu. Niliporudi nikamalizia. Nimeamka asubuhi saa 4, sina pochi, sina simu, na namba ya siri ya pesa nilimtajia mwenyewe, sikumbuki hata nilivyoitaja. Chupa ifunguliwe mbele yako mezani. Ukiinuka, ukirudi agiza nyingine, soda haifiki bei ya simu. Na ukihisi umelewa kuliko ulivyokunywa, mwite mhudumu, usimwite yule uliyekuja naye.

Na sehemu yenye vyumba usiende, hata kama nyama choma yao inasifiwa mji mzima.

Kibaigwa_Boy

Nimejifunza kitu hapa. Hilo la miezi mitatu nalirudisha nyuma kidogo, ingawa bado naona vidio moja tu ni chache.

Mgeni_Ilazo

Nimemuuliza laini ni ya nani. Amejibu hapo hapo ni ya dada yake anayekaa Singida, amemsajilia wakati kitambulisho chake cha taifa kilikuwa hakijatoka, hajabadilisha mpaka leo. Amenitajia jina la dada, ndilo lililotokea. Vidio ya mchana amepiga leo saa 7, nyuma kuna tofali na mafundi. Kwa hayo nimetulia.

Nimemwambia Jumamosi saa 9 alasiri, mgahawa wa karibu na Nyerere Square, ghorofa ya chini, nitakuja mwenyewe. Amekubali, ingawa alisema "kwani mimi nitakula mtu?" Rafiki wa Mwanza atapiga saa 9:45 na saa 11. Wa karibu ni binti wa mama mwenye nyumba, yuko chuo, Jumamosi atakuwa mjini kusuka.

Binti_Kondoa

Na mahali pakibadilika?

Mgeni_Ilazo

Narudi nyumbani.

Mgeni_Ilazo

MREJESHO, Jumamosi usiku.

Hatujaonana. Saa 8:20 mchana, nimeshavaa, ameandika: "Niko saiti, gari limegoma, chukua bajaji uje Iyumbu nitalipa mimi, halafu turudi wote mjini jioni." Binti_Kondoa, mikono ilikuwa inatetemeka, ni kama nilikuwa nasoma maneno yako. Nimejibu, "Pole na gari, basi tupange Jumamosi nyingine, pale pale."

Akapiga mara tatu. Akasema mimi simwamini, mwanamke anayemtaka mtu haogopi bajaji. Nikarudia maneno yale yale. Akakata. Mpaka sasa kimya. Nimelia kidogo, nisiwafiche. Nilikuwa nimempenda.

Fundi_Sabasaba

Mungu amekuokoa. Futa namba.

Ntyuka_Mwanaume

Magari ya saiti yanaharibika kila siku, tusimchome mtu. Ila kukata simu amekosea.

Mama_Ustawi

Umefanya vizuri mno. Gari lilikuwa bovu kweli au la, huna haja ya kujua. Kinachonisumbua mimi ni hiyo kauli ya "mwanamke anayemtaka mtu". Kuomba kubadilisha mahali ni jambo la kawaida. Kukufanya ulipie kukataa kwako kwa aibu, hilo liandike pembeni. Akirudi, angalia kama ataligusa mwenyewe.

Mgeni_Ilazo

MREJESHO wa pili, baada ya wiki mbili.

Alirudi Jumanne. Alituma picha ya gari liko juu ya jeki gereji, lakini kabla ya picha aliandika, "Nilikosea kukusemesha vile, nilikuwa na hasira za saiti." Tukapanga tena, mahali pale pale, saa ile ile.

Amekuja. Nilifika mapema nikachukua meza karibu na kaunta, nikaagiza soda yangu na kuilipia kabisa. Ni yeye wa kwenye picha, mfupi kuliko nilivyodhani. Tuliongea vizuri. Alionekana na haya kuliko kwenye simu.

Nataka niwaambie lililoharibika, maana halikutoka kwake. Rafiki yangu wa Mwanza hakupiga saa 9:45. Alikuwa kwenye harusi, simu ameiacha kwenye mkoba wa mtu. Saa 10 kasoro dakika 5 nikaanza kuangalia simu, na nikaona jinsi mpango wote ulivyokuwa unaning'inia kwake. Saa 10 na dakika 5 binti wa mwenye nyumba akapiga mwenyewe. Alikuwa na zile saa kwenye karatasi, na kwa kuwa hajapigiwa na Mwanza akaona bora aulize. "Dada, umenunua luku?" Nikasema nimenunua. Yule kaka akacheka, akasema nyumba nyingi za Dodoma luku zinaisha Jumamosi. Nilitoka saa 10:40, nikapanda daladala nikashuka kituo cha mbele, nikarudi kwa miguu kidogo. Hakuomba kunisindikiza.

Sasa anataka Jumamosi ijayo anipeleke Hombolo, nikaone shamba la zabibu la mjomba wake, twende kwa gari lake asubuhi turudi jioni. Nami napenda kuona. Ni mara ya pili, siyo ya kwanza. Hii nayo naihesabuje?

Ntyuka_Mwanaume

Mjomba yupo, shamba lipo, mchana kweupe. Nenda.

Binti_Kondoa

Mimi nisingepanda gari lake bado. Samahani, hapo siwezi kuwa mtu wa katikati.

Mama_Ustawi

Mdogo wangu, Hombolo ni nje ya mji, na ukiwa kule usafiri wa kurudi unamtegemea yeye, kama Iyumbu ile ya mwanzo. Saa moja na dakika 40 mgahawani zinakuambia ana adabu mezani, hazijakuambia zaidi ya hapo. Mimi ningeomba mara mbili au tatu nyingine mjini kwanza, halafu Hombolo mwende wanne, yeye na mwenzake, wewe na binti wa mwenye nyumba. Zabibu zitakuwepo. Na huyo binti mpe yeye kazi ya kupiga wa kwanza, wa Mwanza awe wa pili.

Mgeni_Ilazo

Binti yuko hapa pembeni yangu, anasoma na mimi. Anasema yeye atakwenda Hombolo, ila akae siti ya mbele. Nimemwandikia kaka tuanze na Jumamosi ya mjini tena. Amesoma, tiki mbili za bluu, bado hajajibu.